Rangi ya Ngozi, Saizi Zote Zipo

Mwaka jana nilipata kibarua cha kuandika maelezo ya bidhaa kwa duka moja la mtandaoni linalouza soksi, nguo za ndani na stokingi. Malipo yalikuwa kwa bidhaa, si kwa neno, kwa hivyo ulikuwa unaandika haraka na kusonga mbele. Bidhaa ya kumi na kitu hivi ilikuwa stokingi nyepesi za kuvaa hadi kiunoni. Picha ilionyesha miguu ya mwanamke mzungu, na rangi yenyewe ilikuwa kama chai iliyozidishwa maziwa. Nikaandika: "Stokingi laini, rangi ya ngozi, saizi zote zipo." Nikatuma. Ni jioni nikinawa miguu ndiyo nikashtuka kwamba nilikuwa nimeandika uongo, na uongo wenyewe nilikuwa nikiuangalia.

Kinachonikera hadi leo ni kwamba hakuna aliyeniambia niandike hivyo. Neno lilikuja lenyewe. Lilikuwa limekaa kichwani tangu chekechea, pale mwalimu alipotuambia tuchore familia zetu na kisha tupake nyuso "rangi ya ngozi". Darasa zima, watoto weusi tititi, tukaanza kupigania kijiti kimoja cha kreyoni cha rangi ya pichi. Aliyekosa alipaka chungwa. Hakuna hata mmoja aliyechukua kahawia, maana kahawia ilikuwa ya mti na ya ng'ombe.

Hapa tunachambua riwaya na mashairi, lakini lebo nayo ni maandishi. Ni andiko fupi kuliko yote, na husomwa na watu wengi kuliko riwaya yoyote. Kwa hivyo acha niisome hii moja.

Nianze na kreyoni. Kampuni ya Binney & Smith ya Marekani ilianza kuuza kreyoni za Crayola mwaka 1903, sanduku la vijiti 8 kwa senti 5. Katika sanduku la rangi 48 la mwaka 1949 kulikuwa na kijiti cha waridi iliyofifia ambacho jina lake la Kiingereza ni lile neno la nyama ya mwili, ile iliyo juu ya mifupa yako. Kwa mtoto anayesoma, ujumbe ulikuwa wazi: huu ndio mwili.

Mtu atasema majina yote ya rangi yako hivyo. Jina la rangi huchukua kitu kimoja na kukifanya mfano wa vyote. Kijani ni jani, ingawa majani mengine ni mekundu. Na hoja hii ni nzuri kuliko inavyoonekana, kwa sababu sisi wenyewe tunaita rangi fulani "rangi ya chungwa" huku machungwa tunayonunua sokoni mara nyingi yana maganda ya kijani. Hakuna anayelalamika. Lakini chungwa halipewi karatasi na kuambiwa lijichore. Mtoto huambiwa. Hapo ndipo jina linaacha kuwa mfano na kuwa kipimo, na yule asiyelingana nacho anaanza kutafuta kosa lake yuko wapi.

Mwaka 1962 kampuni ilibadilisha jina hilo, kijiti kikawa "pichi". Yenyewe inasema iliamua kwa hiari, na sehemu ya sababu ilikuwa vuguvugu la haki za raia Marekani. Sawa, tuwape sifa yao. Wakati huo haikuwa kitu cha kawaida. Lakini angalia ni nini hasa kilichobadilika. Nta ilikuwa ile ile na rangi ile ile. Kilichobadilika ni karatasi iliyozungushiwa kijiti. Mtoto mweusi wa mwaka 1963 hakupata kijiti kipya chochote. Alichopata ni kwamba kijiti cha mwenzake hakidai tena kuwa ngozi ya wote. Ni hatua, lakini ni hatua ya mtu anayeondoka kwenye kiti bila kumwachia mwingine nafasi ya kukaa.

Nafasi yenyewe ilikuja mwaka 1992, miaka 30 baadaye, kwa sanduku dogo la vijiti 8 la "tamaduni mbalimbali". Sita vilikuwa vya ngozi, pamoja na kimoja cheusi na kimoja cheupe. Nilipoyatafsiri majina yake nilicheka peke yangu. Kimoja kinaitwa kwa mti wa mkangazi. Kingine kinaitwa kwa wino wa ngisi. Kingine ni udongo wa Siena, Italia, uliochomwa moto. Na kimoja kinaitwa kwa jina la ngozi iliyotiwa dawa na watengenezaji viatu, yaani ngozi hatimaye imefika, ila ni ya ng'ombe. Pichi mwenyewe yumo humo humo. Ukweli ni kwamba rangi hizi zilikuwepo tayari katika masanduku mengine ya kampuni. Hakuna aliyekaa chini akamwangalia mtu na kuuliza ngozi yake ni rangi gani. Walipekua stoo.

Kazi ya kuangalia ilifanyika kwa sanduku lililotangazwa Mei 2020, lenye rangi 24 za ngozi. Kampuni haikumtafuta mchoraji bali Victor Casale, mtu wa vipodozi aliyewahi kuwa mkemia mkuu wa MAC. Hapa ndipo mahali pa maana katika hadithi nzima, kwa sababu watu wa poda na faundesheni walikuwa tayari wanajua jambo ambalo watu wa kreyoni hawakuwa wamelitatua.

Jambo lenyewe ni hili. Ukitaka kupata ngozi nyeusi kwa kuchukua pichi na kuiongeza rangi nyeusi kidogo kidogo, hupati ngozi. Unapata majivu. Jaribu kwa rangi za maji nyumbani, itakuchukua dakika tano: pichi na tone la nyeusi, kisha la pili, kisha la tatu. Inaanza kufanana na vumbi, halafu simiti, halafu moshi. Ngozi inapozidi kuwa nyeusi haipotezi joto lake. Ndani yake bado kuna wekundu, au umanjano, au kitu cha katikati. Mtu akikuuzia faundesheni ambayo weusi wake ni sawa lakini joto lake si lako, unatoka nyumbani ukiwa kama umepakwa unga. Dada zetu wote wanaojipodoa wanajua hili bila kusoma kemia.

Kwa hivyo rangi 24 hazikupangwa kwa mstari mmoja kutoka nyeupe hadi nyeusi. Zilipangwa kwa koo tatu, mlozi, dhahabu na waridi, na kila ukoo unashuka kutoka mwanga hadi kina. Jina la kila kijiti linataja vitu viwili, ukoo na kina chake: mlozi wa kina, waridi ya wastani. Ukiwa na jina la namna hiyo huhitaji kuwa na kijiti kimoja cha katikati ambacho vingine vyote ni "vyeusi zaidi" yake. Kwangu mimi hayo ndiyo mabadiliko, kuliko hesabu ya 24. Karatasi ya kijiti imeandikwa kwa Kiingereza, Kihispania na Kifaransa. Kiswahili tutajitafsiria wenyewe, kama kawaida.

Stokingi nitazipitia haraka, kwa sababu tatizo lake ni lile lile, ila linatembea. Uzi mwepesi wa rangi hafifu ukilazwa juu ya ngozi nyeusi hauifichi, unaipausha. Rangi mbili zinaonekana kwa pamoja na matokeo yake ni kijivu. Nakumbuka mama akienda kanisani na mikono yake mwenyewe na miguu ya mtu mwingine. Wazungu waliziita rangi hizi kwa neno lao la "uchi", na kamusi ya Merriam-Webster hadi mwaka 2015 ilikuwa ikieleza rangi hiyo kuwa ni ya ngozi ya mzungu. Ilibadilisha maelezo baada ya kampeni ya watu walioandikia kamusi wakilalamika. Mimi sioni kamusi ilikuwa na kosa. Ilikuwa inasema ukweli kuhusu jinsi maduka yanavyotumia neno. Waliodanganya ni maduka. Mwaka uliotangulia, 2014, Ade Hassan alikuwa ameanzisha Nubian Skin mjini London, akiuza nguo za ndani na stokingi kwa rangi nne za kahawia, na alianza kwa kuuza mtandaoni. Mtandaoni, kumbuka hilo.

Sasa plasta.

Plasta ya Band-Aid ilibuniwa mwaka 1920 na Earle Dickson, mfanyakazi wa Johnson & Johnson, kwa sababu mkewe Josephine alikuwa akijikata na kujiunguza jikoni. Alichukua utepe wa gundi, akaweka vipande vya shashi katikati, na akafunika na kitambaa ili gundi isikauke. Zile za kwanza kuuzwa zilikuwa utepe mrefu unaojikatia mwenyewe. Kufikia miaka ya 1950 matangazo yalikuwa yanaahidi plasta nadhifu ya rangi ya mwili, karibu isionekane. Shika neno hilo, "isionekane". Plasta ilikuwa imeshaacha kuuza kufunika kidonda peke yake. Ilikuwa inauza kujificha, na kujificha kunategemea mgongo wa nani.

Si lazima plasta ijifiche, kwa kweli. Katika jikoni za hoteli na viwanda vya chakula plasta ni za buluu, makusudi, kwa sababu karibu hakuna chakula cha buluu na ikidondoka kwenye sufuria itaonekana haraka. Watoto nao wanapenda zenye katuni, wanatembea wakizionyesha. Ukitengeneza plasta ya buluu, humdanganyi mtu. Tatizo linakuja pale unapoahidi kuficha na kisha unamfichia mtu mmoja tu. Na wale wanaosema suluhisho ni plasta ya nailoni angavu, hebu waibandike kwenye mkono mweusi. Utepe unapotea kweli, lakini pedi iliyo katikati inabaki kama dirisha lililowashwa taa usiku.

Mwaka 1998 mfanyabiashara wa New York aitwaye Michael Panayiotis alileta plasta za Ebon-Aide, rangi nne kwa ajili ya ngozi nyeusi na kahawia. Miaka michache tu zikafa. Baadaye Johnson & Johnson wenyewe walijaribu, mwaka 2005, kwa plasta za rangi tofauti zilizoitwa Perfect Blend, nazo zikaondolewa kwa sababu, walisema, watu hawakuzitaka. Hii ndiyo hoja inayorudiwa kila mara: tulileta, hamkununua. Ni hoja ambayo inanyamazisha watu haraka, kwa hivyo inafaa kuifungua tuone ndani kuna nini.

Ebon-Aide maduka mengi hayakuziweka kwenye rafu ya plasta. Yaliziweka kwenye sehemu ya "kikabila", karibu na mafuta ya nywele za watu weusi. Sasa fikiria mtu aliyejikata kidole. Anaingia dukani damu inatoka, anaenda palipo na plasta, anachukua iliyopo, anaondoka. Nani mwenye damu kidoleni anaanza kuzunguka kwenye mafuta ya nywele? Bidhaa ilikuwa dukani lakini haikuwa njiani kwa mteja.

Hata ukiiweka kwenye rafu sahihi, hesabu ya rafu yenyewe inakupinga. Chukua mfano wa duka la dawa lenye nafasi ya masanduku 12 ya plasta. Likiwa na rangi moja, hayo 12 yanaisha, tuseme, kwa wiki 3. Sasa leta rangi nne, masanduku matatu matatu. Wateja ni wale wale, lakini wamegawanyika. Mbili zinaenda vizuri, moja polepole, na ile nyeusi kabisa, kwenye mtaa ambao watu weusi ni wachache, inakaa miezi. Mwenye duka haoni "rangi nne zinazouza 12". Anaona mistari minne kwenye daftari, mmoja umekwama, na anaufuta. Mteja aliyeihitaji akija mwezi ujao haipati, anaacha kuja kuitafuta, na mauzo ya rangi hiyo yanakuwa sufuri kama daftari lilivyotabiri. Ile rangi ya zamani haikushinda kwa kupendwa. Ilishinda kwa kuwa ya kwanza kwenye rafu.

Ndiyo maana nilisema kumbuka mtandaoni. Ghala la mtandaoni halina mtaa. Wateja waliotawanyika, mmoja mmoja kila mji, wanakusanyika kwenye ukurasa mmoja. Tru-Colour, plasta zilizoanzishwa mwaka 2014 na baba mzungu wa Marekani aliyekuwa ameasili watoto weusi, zilipitia njia hiyo. Aprili 2019 mtafiti mmoja wa Marekani, Dominique Apollon, aliweka picha ya kidole chake kwenye Twitter akieleza jinsi ilivyomgusa kuvaa plasta ya rangi yake kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 45. Picha ikaenda dunia nzima, ikawafikia wafanyakazi wa Tesco, na Februari 2020 Tesco likawa duka kuu la kwanza Uingereza kuuza plasta zake za rangi tatu za ngozi. Angalia tarehe. Johnson & Johnson walitangaza plasta za ngozi nyeusi na kahawia Juni 2020, baada ya George Floyd kuuawa, na dunia ikadhani ndipo yote yalipoanza. Mlango ulikuwa tayari umesukumwa na watu wengine, kwa miaka 22.

Plasta hizo za Johnson & Johnson zilitoka mwaka 2021 kwa jina la OurTone, na rangi zake ni BR45, BR55 na BR65. Basi. Herufi na namba, kama basi la kwenda Embakasi. Mwanzoni nilizidharau. Halafu nikazilinganisha na majina yaliyotangulia: Ebon-Aide walikuwa na kahawa, mdalasini, asali na ile peremende nyeusi ya likorisi, Nubian Skin wana karameli, mdalasini, beri na kahawa ya maziwa. Pichi mwenyewe ni tunda. Inaonekana mtu mweusi akiacha kusahauliwa anageuzwa kuwa kitindamlo. Nikawa karibu kuandika aya nzima ya hasira, hadi nikakumbuka lugha yangu mwenyewe inamwita mtu "maji ya kunde". Na mtaani msichana mweupe kidogo ni "rangi ya thao", noti ya elfu moja. Tunakula watu na tunawatumia kama pesa, kwa hivyo nikaacha ile aya.

Ila kuna tofauti moja ninayoitetea. "Maji ya kunde" halisemi ngozi ni ipi. Linasema ngozi ya huyu iko hivi, na ya yule itatafutiwa neno lake. Kiswahili kilikuwa na maneno mengi ya ngozi za watu kabla ya kreyoni kufika. Kile ambacho hakikuwa nacho ni "rangi ya ngozi" kama jina la rangi moja. Hilo tulilipokea likiwa limeshabandikwa kwenye sanduku, pamoja na sanduku.

Hata hivyo sitaki kudanganya kwamba mabadiliko yametufikia. Plasta nyingi za Nairobi zinauzwa moja moja. Unaenda kwa duka la dawa au kioski, unatoa bob kumi, unapewa moja iliyochanwa kutoka kwa ukanda, na hapo huchagui rangi kama vile huchagui yai. Yule muuzaji ana sanduku moja, na akifungua la pili la rangi nyingine atakaa nalo hadi gundi ichoke. Hesabu ya ile rafu ya masanduku 12 hapa ni ngumu zaidi, ingawa wateja wake karibu wote ni weusi. Ndicho kichekesho chake: mahali ambapo rangi moja ya kahawia ingetosha watu wengi kuliko ile ya pichi, bado inayoagizwa ni pichi, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye orodha ya msambazaji, na yeye anaagiza iliyoisha mara ya mwisho.

Kuhusu kile kibarua, nilimwandikia mwenye duka siku iliyofuata nikaomba nibadilishe. Nikapendekeza "rangi ya chai ya maziwa". Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, na hakuwa na ubaya wowote.

"Sikiza mwandishi wangu, mimi pia miguu yangu si rangi hiyo. Lakini watu hawatafuti chai ya maziwa. Wanaandika 'rangi ya ngozi' kwa simu, na ukitoa hilo neno hawanipati."

Nikamuuliza kama ana za kahawia. Akasema anazo pakiti sita, msambazaji alimpa kama zawadi, na hajaziweka mtandaoni kwa sababu hajui aziite nini. Nikamwambia azipige picha, akiwa amezivaa yeye mwenyewe. Tukaziita "rangi ya ngozi, nyeusi ya wastani, yenye joto la wekundu". Zile za chai ya maziwa tukaziita "rangi ya ngozi, nyeupe, yenye umanjano". Alilalamika kwamba ni maneno mengi, na malipo yangu ni kwa bidhaa, siongezwi hata shilingi. Pakiti sita ziliisha. Sasa anamsumbua msambazaji amletee zingine, na msambazaji anamwambia hizo huwa hazitoki.